Barua ya Posa Iliyorudishwa

Barua yetu ya posa ilirudishwa bila kufunguliwa. Mnaoijua desturi hii mnaelewa uzito wake: barua huja imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na bahasha ya fedha, inaletwa na mshenga na wazee wawili watatu, na ikishapokelewa ndipo mazungumzo yanaanza. Baba yangu ni Mchaga wa Rombo, mstaafu, Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadri, na nyumba yetu ipo Kimara. Mwenzangu ni Mwislamu, kwao Mbagala, asili yao Rufiji. Nilikuwa na miaka 29, nina kazi yangu na nimepanga kwangu, lakini binti haketi kwenye kikao cha posa yake. Nilikuwa jikoni na shangazi, tunasikilizia mlangoni.

Mshenga alikuwa mjomba wa mwenzangu, mtu mwema mwenye maneno mengi. Kabla barua haijafunguliwa, katika kujaribu kumtuliza baba, alisema, "Mzee wangu, sisi kwetu hili halina tatizo kabisa. Binti akishasilimu, yaliyobaki ni madogo." Baba akanyamaza kidogo. Kisha akaita, "Leteni chai ya wageni." Walipomaliza kunywa akawashukuru kwa kuja, akawakabidhi barua yao na kuwasindikiza mpaka barabarani. Hakufoka. Asiyemjua angedhani mambo yamekwenda vizuri.

Nimeulizwa sana na wadogo zangu wa kazini na wa kanisani tuliwezaje, na huwa naanzia hapo kwa mjomba. Wengi hutafuta mshenga msemaji, au huchukua ndugu wa karibu kwa sababu hana gharama. Ndugu wa karibu huja na msimamo wa ukoo wake mdomoni. Mjomba alisema jambo ambalo hakutumwa kulisema, na zaidi ya hapo, halikuwa sharti la dini yake. Mwenzangu alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wao, akaambiwa kwamba mwanamume wa Kiislamu anaruhusiwa kumwoa mwanamke wa watu wa Kitabu akabaki na dini yake. Msingi wake ni Surat al-Maida, aya ya 5. Sheikh aliongeza kwamba wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, wameweka masharti zaidi juu ya hilo, kwa hiyo tusishangae sheikh mwingine akitujibu tofauti. Basi kusilimu kulikuwa matakwa ya familia, na matakwa yana mazungumzo.

Niseme mapema: ikiwa wewe ndiye binti wa Kiislamu na mchumba ni Mkristo, njia niliyopita mimi haitakufaa. Kwa mafundisho yanayofuatwa huku hakuna ruhusa ya upande huo, na kikao chenu kitakuwa kigumu kuliko chetu.

Baada ya siku ile baba aliacha kunipigia. Salamu zilipitia kwa mama. Mashangazi nao wakawa na kikao chao cha simu kila jioni, na kila aliyewahi kusikia habari ya binti aliyeolewa Uislamuni akateseka aliniletea kisa hicho, kana kwamba ndoa za Wakatoliki watupu wa Kimara hazijawahi kumtesa mtu. Nilichogundua katika kipindi hicho ni kwamba baba na mama walikuwa wakisema neno moja, "dini," lakini kila mmoja na lake. Ilinibidi niketi na mama peke yake, tukichambua mchicha, ndipo lake likatoka.

Mama ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa muda mrefu. Katika jumuiya yake ndogo ndogo kuna mwanamke aliyefunga ndoa bomani na Mwislamu, na tangu hapo anapofika Misa hubaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kupokea Komunyo. Hilo ndilo lilikuwa linamnyima mama usingizi. Mwenzangu mwenyewe alimpenda. Alishamletea samaki kutoka Feri mara kadhaa na mama alikuwa akimsifia anavyojua kuchagua changu. Swali lake lilikuwa moja tu: je, mwanangu atakatwa kwenye sakramenti?

Swali hilo lina ofisi yake, ni ya paroko. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukaripiwa, nikakuta padri anatoa fomu kwenye droo. Kumbe ndoa mseto ni jambo lenye utaratibu. Mkatoliki kuoana na mtu asiyebatizwa ni kizuizi kwa Kanisa, na kizuizi hicho kinafanya ndoa iwe batili, lakini Askofu anaweza kukiondoa kwa ruhusa maalumu. Mimi nilitakiwa kuahidi mambo mawili: kwamba nitaepuka hatari ya kuiacha imani yangu, na kwamba nitafanya yote niwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzangu naye alitakiwa awepo.

Aliposomewa ile ahadi ya watoto alikaa wima. "Padri, mimi hilo siwezi kuliahidi."

"Huombwi kuahidi," padri akamjibu. "Unaombwa ujue kwamba mwenzako ameahidi."

Tofauti hiyo watu wengi hawaijui, na wanaume wengi wa Kiislamu hukataa kwenda kwa paroko wakidhani watasainishwa kuwatoa watoto wao. Hawasainishwi. Lakini pia usijidanganye kwamba karatasi ile imemaliza suala la watoto. Imeliweka mezani tu, na sisi tulitoka pale tukiwa na ugomvi wetu mkubwa wa kwanza, kwenye daladala, watu wakitusikiliza mpaka Ubungo.

Padri alitueleza jambo jingine ambalo ndilo lililotuokoa. Pamoja na ruhusa ya tofauti ya dini, panapokuwa na ugumu mkubwa, Askofu anaweza pia kumwondolea Mkatoliki wajibu wa kufunga ndoa kwa taratibu za kanisani, mradi ndoa ifungwe hadharani kwa namna inayotambulika. Maana yake, ndoa ya bomani iliyotanguliwa na ruhusa hiyo ni halali machoni pa Kanisa, na mke anaendelea kupokea sakramenti. Yule mama wa jumuiya yetu alikwenda bomani bila ruhusa. Hapo ndipo palipoachana, na mama alipolielewa hilo alianza kula vizuri.

Vitu tulivyoombwa ni cheti changu cha ubatizo kilichotolewa upya parokiani nilikobatiziwa, barua ya jumuiya, semina ya ndoa, na ushahidi wa watu wanaomfahamu mwenzangu kwamba hana mke. Ruhusa hutoka kwa Askofu, si kwa paroko, na hakuna anayeweza kukuahidi tarehe. Kamati yetu ya harusi ilikuwa na haraka, ikatanguliza laki tano za ukumbi kabla jibu halijatoka. Tarehe ilipopita, fedha ile haikurudi.

Baba alikuwa bado kimya. Aliyenifumbua macho kuhusu namna ya kumrudia ni shangazi yangu mkubwa, yule yule kiongozi wa kikao cha simu. Alisema, "Baba yako ametukanwa nyumbani kwake. Mnamletea barua nyingine ya nini? Leteni isale." Kwetu jani la isale ndilo la kuombea msamaha; aliyeletewa hakatai kumsikiliza aliyelishika. Masale yamejaa Dar, watu wanayapanda kama maua ya uzio bila kujua maana yake.

Tukabadilisha mshenga. Safari hii tulimwomba mzee Mpare wa Same, Mwislamu, aliyefanya kazi na baba miaka mingi. Anazijua mila za mlimani na anaswali swala tano, kwa hiyo hakuna upande ungeweza kumwambia hajui. Tulimpa maagizo: asitaje kusilimu, asitaje tarehe, asije na barua. Alikuja jioni na jani lake, akasema amekuja kwa ajili ya maneno ya siku ile na si kwa ajili ya binti. Baba akalipokea. Isale ilifuta lile tusi, haikunioza. Ila iliwezesha baba kuuliza maswali, na mzazi anayeuliza maswali bado hajafunga mlango. Anayekutisha ni yule asiyetaka kujua chochote.

Maswali ya baba yalikuwa manne: mke wa pili, mali, watoto, na nitazikwa wapi.

La mke wa pili tulilijibu kwa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa nyingine, ya serikali ikiwemo, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Ili ndoa ya mke mmoja igeuzwe, mume na mke wote wawili lazima watoe tamko mbele ya jaji au hakimu kwamba wamekubali kwa hiari. Mume peke yake hawezi. Akienda kuoa mwingine wakati ndoa hiyo ipo, ile ya pili ni batili kisheria, hata kama imefungwa msikitini. Mzee Mpare alimweleza baba hayo taratibu, na baba, ambaye anapenda karatasi, aliomba aonyeshwe kifungu. Tulimchapia. Alikisoma na miwani, akauliza, "Kwa hiyo bila saini ya binti yangu haiwezekani?" Haiwezekani. Mwanamume anaweza kumdanganya mkewe kwa njia nyingine, hilo hakuna sheria inayolizuia, lakini baba alikuwa akitafuta pa kushika, akapapata.

La mali lilikuwa gumu zaidi, na ninaomba mlisome vizuri kwa sababu wake wengi wa ndoa za aina yetu huligundua msibani. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, asiye Mwislamu harithi kwa Mwislamu. Mume akifariki na mirathi yake ikaendeshwa kwa taratibu hizo, mke Mkristo hana fungu lile la mjane analolijua kila mtu. Watoto waliobatizwa nao hawarithi kwa baba yao. Hapo utaona kwamba suala la dini ya watoto na suala la nyumba ni suala moja, ingawa familia huliongea kama mawili. Sheikh wetu alitueleza njia zilizopo ndani ya Uislamu wenyewe: mume anaweza kumwachia asiye mrithi kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali, na anaweza kutoa hiba akiwa hai. Njia ya tatu ni ya kawaida kabisa, mke awe mmiliki tangu mwanzo. Tulikuwa na kiwanja Chanika tulichokuwa tunakilipia kwa awamu kwa jina lake. Malipo ya mwisho yalipofika tulirudi na muuzaji ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa majina yetu wawili, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wa pande zote. Nusu yangu haiingii kwenye mirathi ya mtu. Mwenzangu alinung'unika kidogo kwamba tunaongelea kifo chake kabla ya harusi. Mjomba wake, yule yule, ndiye aliyemwambia anyamaze asaini.

La watoto hatukulimaliza. Niliahidi kanisani kufanya niwezavyo. Yeye kwao mtoto ni wa dini ya baba. Tulichokubaliana ni kidogo: hakuna bibi atakayembatiza mtoto wala kumpeleka madrasa kwa siri, na uamuzi wowote wa mtoto utatoka chumbani kwetu. Baba alipoambiwa hivyo alisema hilo si jibu. Ni kweli. Lakini alikubali kwamba ni afadhali kuliko kudanganywa, na nadhani tungempa jibu tamu asingeamini yale mawili ya kwanza.

Maziko nayo yaligeuka kuwa mepesi kuliko nilivyotegemea. Mwanamke wa Kichaga aliyeolewa huzikwa kihambani kwa mumewe, kwenye shamba la ukoo, na Rufiji hakuna kihamba. Baba alitaka kujua tu kwamba nikitangulia, sitazikwa jioni ile ile kabla ndugu hawajafika kutoka mlimani, na kwamba padri ataitwa. Mwenzangu aliridhia mbele ya wazee.

Wakati haya yakiendelea Kimara, Mbagala kulikuwa na mzigo wake. Mama mkwe alitaka nikaha. Padri alishatuambia ridhaa ya ndoa hutolewa mara moja. Kufunga bomani kisha tena kwa sheikh hairuhusiwi chini ya ile ruhusa. Na kufunga kwa taratibu za Kiislamu pekee kungeturudisha kwenye ile hofu ya baba ya wake wengi. Mama mkwe naye akasema ndoa ya bomani kwake si ndoa, ni watu wawili wanaishi.

Mwenzangu akarudi kwa sheikh wake. Akaambiwa kinachotazamwa ni mambo manne: walii wa mwanamke, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kutoa na kupokea. Akamuuliza, walii wa mwanamke Mkristo ni nani? Sheikh akamjibu kwamba ni baba yake, Mkristo huyo huyo. Baba akiwepo bomani akatamka kwamba ameridhia na anamwoza binti yake, mashahidi wawili wakiwa Waislamu, na mahari yakiwa yamepokelewa, yeye sheikh haoni tatizo. Mashehe wengine wasingekubali, na sikushauri ulichukue jibu hili bila kumuuliza wa kwenu. Ila lilibadilisha hesabu yote. Mama wa Mbagala aliyekuwa hataki kusikia habari za mzee wa Kimara, sasa alimhitaji mzee huyo ili ndoa ya mwanawe iwe ndoa. Alituma kanga na salamu wiki ile ile.

Mahari yakapangwa. Orodha ya kwetu ina mbege, na familia ya Kiislamu haiwezi kununua pombe, kwa hiyo wazee waliandika "fedha ya mbege" na kila upande ukaridhika. Mbuzi wote, pamoja na ndafu, walichinjwa na kijana wa msikitini aliyekuja na kisu chake. Mbege ilikuwepo, lakini ilinywewa uani nyuma ya nyumba, na wageni walikaa mbele na juisi ya ukwaju. Nakushauri uyapange haya mapema na wanawake wa jikoni, kwa sababu wazee wanaweza kukubaliana mambo makubwa wiki nzima kisha yakaharibiwa na sufuria moja.

Bomani taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla na hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baba mdogo alitangaza kwamba yeye atajitokeza. Alikwenda kweli ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Aliulizwa kama binti ana mume mwingine, kama wanaotaka kuoana ni ndugu wa damu, kama kuna asiyeridhia kati yao. Hakuna. Akasema dini ni tofauti. Akaambiwa hicho si kizuizi, na kwa binti aliyetimiza miaka 18 sheria haidai kibali cha mzazi. Alirudi akiwa na hasira na sisi wote, na harusini hakuja. Mpaka leo tunasalimiana misibani tu.

Nilijua tangu mwanzo kwamba kisheria ningeweza kwenda bomani bila baba. Marafiki wawili waliniambia niende yaishe. Kwa wengine huenda ndiyo njia pekee, hasa pale mzazi anapotishia au kumfungia mtu ndani, na hapo usisubiri isale. Kwangu mimi baba alikuwa bado anauliza.

Siku yenyewe alikuja na suti yake ya jubilei. Msajili alipomaliza utaratibu wake, baba aliomba nafasi, akatamka maneno aliyofundishwa na mzee Mpare, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

Mama mkwe huniuliza kila Ramadhani nitasilimu lini. Tulishakubaliana kwamba kila mtu hujibu wazazi wake, kwa hiyo mimi humwambia, "Mama, hilo muulize mwanao," nikaendelea kukaanga sambusa. Mwanawe humjibu, wanabishana kidogo, adhana inaita, tunafuturu. Padri akija kubariki nyumba, maswali ya wazazi wangu ni yangu.